Kiungulia cha kila usiku: usiulize kinachoma kiasi gani, uliza chakula kinashukaje

Saa nane usiku nyumba nzima imelala, isipokuwa mtu mmoja aliyeketi ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani. Moto umepanda kutoka chembe ya moyo mpaka kooni, na mdomoni kuna maji machachu. Anapapasa gizani, anapata vidonge vya magnesiamu, anatafuna viwili na kusubiri. Baada ya dakika chache moto unashuka, naye anarudi kulala akiwa ameegemea mito miwili. Kesho usiku, mambo ni yale yale.

Tumfanye mtu huyu kuwa mfano wetu. Ni fundi wa magari, ana miaka 52, na kitambi kimeanza kuutangulia mkanda. Gereji anaifunga usiku, nyumbani anafika saa tatu, anakula ugali na nyama akashiba sawasawa, na saa nne yuko kitandani kwa sababu saa kumi na moja alfajiri anatakiwa kuamka. Mgongo ukimsumbua anameza diklofenaki. Nyumbani wanasema ana vidonda vya tumbo. Wenzake wa gereji wanasema ni gesi. Yeye mwenyewe, ile saa nane ya usiku, huwa anaogopa kansa, lakini hajamwambia mtu.

Hofu yake inafuata ukali wa moto. Usiku uliochoma sana anaogopa sana, na usiku uliochoma kidogo anajiona amepona. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, maana katika ugonjwa huu ukali wa moto si kipimo cha hatari. Wapo wanaoungua kila usiku na umio wao ukichunguzwa hauna hata mkwaruzo. Wapo pia ambao moto ulikuwa umetulia kwa miezi kadhaa, kumbe ndani mambo yameharibika.

Mlango unaofunguka ovyo

Umio ni mrija wa nyama wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake unapita kwenye tundu la kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na hapo kuna msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango. Ukimeza, mlango unafunguka. Chakula kikishapita, unajifunga.

Kwa mtu mwenye kiungulia, mlango huu unalegea wakati usiotakiwa, hasa tumbo likiwa limejaa, na asidi inapanda. Tumbo lina utando wa ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana unaungua. Kitambi kinaongeza tatizo kwa kulibana tumbo kutoka nje, kama unavyobana mfuko wa maziwa. Na kadiri miaka inavyosonga, kwa watu wengi tundu la kiwambo hulegea, na kipande cha juu cha tumbo hupenya kuingia kifuani. Hiyo ni henia ya kiwambo, na mlango uliohama mahali pake haufungi vizuri.

Kwa nini usiku? Mchana umesimama au umeketi, na asidi iliyopanda inateremka yenyewe. Pia unameza mate mara kwa mara, na mate huisafisha asidi na kuipunguza makali. Ukilala unapoteza vyote viwili: mwili umelala sawa na tumbo, mate yamepungua, na kumeza kumekuwa kwa nadra. Asidi ambayo mchana ingeondoka haraka, usiku inakaa pale pale ikiunguza.

Si kila moto ni vidonda

Katika nchi zetu jina la vidonda vya tumbo limebeba mzigo wa kila maumivu yaliyo kati ya kifua na kitovu. Vidonda halisi vina tabia yake. Maumivu hukaa kwenye chembe ya moyo, huja kwa njaa au baada ya kula, na kwa kawaida hayapandi kooni. Chanzo chake kikubwa ni bakteria aitwaye H. pylori, ambaye Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walithibitisha kazi yake wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Kiungulia hupanda. Huzidi ukiinama kufunga kamba za viatu, ukilala, au ukishiba kupita kiasi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Fundi wetu alipimwa damu, akaambiwa ana bakteria huyo, akameza dawa zake, akapimwa tena damu baada ya miezi michache, akaambiwa bado anaye, akapewa dawa nyingine. Kipimo cha damu kinaangalia askari wa mwili waliowahi kupigana na bakteria, na askari hao wanaweza kubaki muda mrefu baada ya adui kufa. Kipimo cha kutegemea ni cha kinyesi au cha pumzi, tena baada ya kuacha omeprazoli kwa wiki 2 na antibayotiki kwa wiki 4. Lakini hata bakteria akiondoka kabisa, mlango uliolegea unabaki umelegea. Kumtibu H. pylori kuna faida zake, ila kutibu kiungulia si mojawapo.

Kuna moto mwingine wa kifua ambao haufai kusubiriwa hata saa moja. Ukiona kifua kinabana kama kimewekewa mzigo, maumivu yanakwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba linatoka au pumzi inakata, huo uchukulie kuwa ni moyo, nenda hospitali usiku huo huo. Swali linalosaidia kutofautisha ni hili: je, maumivu yanakuja ukifanya kazi nzito na kuondoka ukipumzika? Fundi akisukuma gari lililozimika na kifua kikabana, akisimama kikaachia, aanze na kipimo cha moyo. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, maana moyo wake unaweza kuugua bila kutoa maumivu ya kawaida.

Swali lililobadilisha safari

Hatimaye fundi wetu anakwenda kliniki na mkewe. Daktari anauliza moto umeanza lini, unakuja saa ngapi, anakula saa ngapi, anatumia dawa gani nyingine. Majibu yote yanaelekea kwenye kiungulia cha kawaida. Daktari ameshashika kalamu, anauliza swali la mwisho.

“Na chakula, fundi, kinashuka vizuri?”

“Kinashuka, dokta. Hakuna shida.”

Mke wake anageuka kumtazama. “Kinashuka vipi, baba? Nyama siku hizi si unaiacha pembeni ya sahani? Na kila tonge mpaka umwagie maji.”

Daktari anaweka kalamu chini. “Mama, hilo limeanza lini?”

Fundi hakudanganya. Mtu anayeanza kupata shida ya kumeza huwa hajui kuwa ana shida. Anaanza kwa kutafuna sana. Kisha anaweka glasi ya maji karibu. Kisha nyama inamchosha, anapenda mchuzi tu. Baadaye ugali mkavu unamshinda, anahamia wali laini, halafu uji. Yeye anasema “nimezoea kula polepole”, na wa kwanza kugundua ni yule anayetandika chakula, kwa sababu ndiye anayeondoa sahani.

Kwetu Afrika Mashariki dalili hii ina uzito kuliko mahali pengi duniani. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukipita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako kansa ya umio ni ya kawaida kupita kiasi na huwapata hata watu wenye umri mdogo. Kansa inayotawala huku huota kwenye ngozi ya kawaida ya umio, na chanzo chake hakihitaji kiungulia. Tumbaku na pombe zinahusika. Vinywaji vya moto sana vinashukiwa pia: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro ulikuta watu wakianza kunywa chai yao ikiwa na joto la kama nyuzi 70. Chai yenyewe haina kosa. Kinachoshukiwa ni joto, kwa hiyo acha kikombe kipoe dakika chache kabla ya kunywa.

Maana yake kwa msomaji ni hii: chakula kikianza kukwama, usijaribu kwanza dawa ya kiungulia wiki kadhaa ili uone. Dawa itatuliza moto, mtu atajiona nafuu, na kile kinachobana njia kitaendelea kukua. Kukwama kwa chakula peke yake, hata bila maumivu na hata kwa kijana, kunatosha kumpeleka mtu kwenye uchunguzi ndani ya siku chache.

Dalili nyingine za kundi hilo ni chache na zinakumbukika. Kupungua uzito bila kukusudia. Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa. Kinyesi cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali; vidonge vya madini ya chuma navyo huleta weusi, lakini si kunata wala harufu ile. Upungufu wa damu usioelezeka. Kutapika mara kwa mara. Maumivu makali kila unapomeza, ambayo kwa mtu mwenye kinga ndogo ya mwili mara nyingi huwa ni fangasi wa umio, nao wana dawa yao. Na kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60, kwa mtu ambaye maisha yake yote hakukijua, nacho kinastahili kuchunguzwa.

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni ya muda. Umio unaounguzwa kwa miaka mingi unaweza kubadili ngozi yake ya ndani ikafanana na ya utumbo. Hali hiyo inaitwa Barrett, na kwa wachache huzaa aina ya pili ya kansa. Ngozi hiyo mpya haiumii sana kwa asidi, ndiyo maana kiungulia cha miaka mingi kikitulia chenyewe hatuwezi kusema kwa hakika kwamba umio umepona. Imeonekana zaidi kwa Wazungu kuliko kwa Waafrika. Hata hivyo, mwanamume aliyepita miaka 50, mwenye kitambi, anayevuta au aliyewahi kuvuta sigara, na aliyeungua kila wiki kwa miaka zaidi ya 5, ana sababu ya kumuuliza daktari kama aangaliwe angalau mara moja.

Dakika kumi za kamera

Kipimo chenyewe ni endoskopi. Watu wanakiogopa kwa jina la “kumeza mpira”, na ni kweli kwamba si kitu cha raha, lakini ni kifupi. Fundi wetu aliambiwa asile kitu kwa saa 8. Alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu kidogo, akahisi ulimi umekuwa mzito. Alilazwa ubavu wa kushoto, akang'ata kipete cha plastiki kinacholinda meno na kifaa, akachomwa sindano ya kusinzia. Mrija wenye unene wa kama kidole kidogo, wenye kamera na taa kwenye ncha yake, ulipita kooni akiambiwa ameze. Hapo hupatikana kichefuchefu cha muda. Pumzi haizibwi, kwa sababu njia ya hewa ni nyingine.

Daktari aliangalia umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo kwa dakika kama kumi, akachukua vinyama vidogo kama punje za mchele vya kupeleka maabara. Kukatwa huko hakuumi, maana utando wa ndani hausikii mkato. Kwa sababu ya sindano ile aliambiwa asiendeshe gari siku hiyo, jambo ambalo kwa fundi wa magari lilikuwa gumu kuliko kipimo chenyewe. Pasipo na endoskopi karibu, picha ya eksirei anayopigwa mtu akimeza uji mweupe wa bariamu inaweza kuonyesha mahali njia ilipobana, ila haiwezi kuchukua kinyama.

Majibu ya fundi yalikuwa haya: mlango umelegea, sehemu ya chini ya umio ina michubuko mirefu, na juu kidogo ya mlango kuna kovu lililoanza kubana njia. Maabara haikuona kansa. Nyama ilikuwa ikikwama kwenye kovu lililotengenezwa na asidi. Kovu likiwa limebana sana hupanuliwa kwa kifaa kupitia mrija ule ule. La kwake lilikuwa dogo, likaachwa lipewe nafasi ya kulainika kwa dawa, na akapangiwa kurudi kuangaliwa tena.

Dawa, tofali na saa ya kula

Matibabu aliyopewa hayatofautiani sana na anayopewa mtu wa makamo ambaye hana dalili yoyote ya hatari. Tofauti ni kwamba yule wa pili anaweza kuanza moja kwa moja, bila endoskopi.

Dawa ni omeprazoli miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa wiki 8. Fundi alikuwa amewahi kuimeza, ila aliimeza saa nne usiku baada ya ugali, tena usiku ule tu unaochoma. Kwa namna hiyo dawa nzuri inapotea bure. Tumbo hutoa asidi kwa pampu ndogo zilizo kwenye ukuta wake, na chakula ndicho kinachoziamsha. Omeprazoli huifunga pampu iliyoamka, nayo yenyewe haikai kwenye damu muda mrefu. Kwa hiyo inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, ili chakula kikiamsha pampu, dawa iwe imeshafika. Asubuhi kabla ya chai ndiyo desturi, ingawa anayesumbuliwa na usiku peke yake anaweza kuelekezwa aimeze kabla ya chakula cha jioni. Huchukua siku kadhaa kufikia nguvu zake zote. Vidonge vya magnesiamu vinazima moto wa dakika ile tu, na havina kosa vikitumiwa kwa kiasi. Magadi yaliyokorogwa kwenye maji yana chumvi nyingi ya sodiamu, hayamfai mwenye presha. Maziwa hupoza kwa muda, kisha tumbo linajibu kwa asidi mpya.

Diklofenaki iliondolewa, akatafutiwa njia nyingine ya mgongo. Kama angekuwa anameza dawa ya presha kama amlodipini, ambayo inaweza kuulegeza mlango, asingeiacha mwenyewe. Angemuuliza daktari wake kama ipo ya kubadilisha.

Kisha kitanda. Mito miwili haisaidii, kwa sababu inakunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Kinachotakiwa ni kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la saruji la inchi 6 lililolazwa chini ya kila mguu wa kichwani linatosha, mradi mguu ukae katikati na usiteleze. Kulala ubavu wa kushoto nako kunasaidia: tumbo limejikunja upande huo, hivyo mlango unabaki juu ya dimbwi la asidi. Ukilala ubavu wa kulia, dimbwi linakuwa juu ya mlango.

La mwisho ndilo lililokuwa gumu kwake: saa tatu zipite kati ya chakula na kulala. Mtu anayefika nyumbani saa tatu usiku hawezi kuambiwa tu “kula mapema”. Walichokubaliana na mkewe ni kwamba chakula kizito akile saa kumi na moja jioni pale gereji, na nyumbani apate kitu chepesi kidogo. Pilipili, ndimu, vyakula vya mafuta na bia hakukatazwa vyote kwa pamoja. Aliambiwa aangalie ni kipi kinachomuunguza yeye, aache hicho. Na kitambi kikipungua hata kilo chache, mlango unapumua.

Kwa asiye na dalili za hatari, wiki 8 zikiisha na moto umezimika, dawa inaachwa au inapunguzwa hadi kiasi kidogo kinachotosha. Wiki za kwanza asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa sababu tumbo lilizuiwa muda mrefu, hilo linapita. Moto ukirejea na kudumu, au kama haukuzimika kabisa licha ya kumeza dawa kwa saa yake, huo ndio wakati wa endoskopi. Mwenye michubuko mikali au kovu, kama fundi wetu, huenda akaihitaji dawa kwa muda mrefu, na daktari ndiye atakayeamua.

Kwa hiyo, ewe unayeamka saa nane usiku, kabla hujanunua dawa nyingine, jiulize kama mwezi huu kuna chakula chochote ulichoacha kula kwa sababu hakishuki vizuri. Kisha muulize hivyo hivyo anayeondoa sahani yako. Majibu yenu yakitofautiana, lichukue la kwake, uende nalo hospitali wiki hii.